Mkate mtamu wa kusokota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi huoka nyumbani hapa Nakuru, na huuza mikate kwa majirani na kwa duka mbili za mtaa. Mkate wa kusokota ndio unaoniletea maswali mengi kuliko keki, skonzi na mandazi vikijumlishwa. Wanaouliza wako hapa Nakuru, wako Kisumu, wako Kakamega, na karibu wote wanalalamikia mambo mawili: utamu umevujia chini ya tini na kuungua, au mkate umependeza nje kumbe katikati ni mbichi. Majibu haya yanahusu hayo mawili. Mengine nimeyagusa pale tu yanapoyahusu.

## Mambo ya mwanzo

Mkate huu ni upi hasa?

Ni mkate wa hamira wenye maziwa, yai, sukari kidogo na siagi. Kinyunya husukumwa kuwa shuka, hupakwa kitu kitamu (humu nitakiita kijazo), huviringishwa kama mkeka, kisha hukatwa katikati kwa urefu na vipande viwili husokotwa pamoja. Ukikata kipande unaona mistari ya kahawia inayopinda ndani ya mkate mweupe.

Namna hii ya kusokota imetoka kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ambao mkate wao huitwa babka, neno lenye maana ya bibi katika lugha za huko. Huko wanatumia mdalasini, mbegu za mpopi au chokoleti. Sisi tuna njugu, simsim, iliki na sukari nguru, na kila kimoja kina tabia yake ndani ya mkate.

Nitumie vipimo gani kwa mkate mmoja?

Vipimo hivi ni vya tini ya mkate yenye urefu wa sentimita 23 na upana wa 13: unga wa ngano gramu 350, sukari gramu 50, hamira kavu ya papo hapo gramu 5, chumvi kijiko kimoja cha chai, yai moja, maziwa mililita 150, na siagi au majarini gramu 50. Unga wa kawaida wa chapati na mandazi unafaa. Ukipata ule wanaonunua waokaji mikate ni vizuri zaidi, ila huenda ukahitaji maziwa kidogo ya ziada.

Kanda kila kitu isipokuwa siagi kwa dakika kama 8, ndipo utie siagi kidogo kidogo na kuendelea hadi kinyunya kiwe laini na kisishike mikono. Kata donge dogo ulinyooshe taratibu kwa vidole: likiwa utando mwembamba unaopitisha mwanga kabla ya kuchanika, umekanda vya kutosha. Usilipuuze jaribio hili. Kinyunya kisichokandwa vizuri huchanika wakati wa kusokota, na kijazo hutokea hapo hapo palipochanika.

Kwa nini mkate huu unasumbua kuliko mkate wa kawaida?

Kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili visivyotaka jambo moja. Kinyunya kinataka kuumuka na kushikana. Kijazo kina sukari, na sukari huvuta maji kutoka kwenye kinyunya hata kabla ya mkate kuingia kwenye oveni. Maji hayo na sukari hugeuka kuwa shira. Shira ikipata joto huwa nyepesi, hutafuta njia ya kutokea, na ile inayobaki ndani hulowesha tabaka lililo jirani nayo. Kwa hiyo kuvuja na ubichi mara nyingi vina chanzo kimoja: kijazo chenye majimaji mengi au kilichopakwa kinene.

## Kijazo

Kijazo changu huvuja chote na kuungua chini ya tini. Nakosea wapi?

Uliza kwanza kama uliyeyusha siagi. Watu wengi hupaka siagi iliyoyeyuka kwenye shuka, wananyunyiza sukari na mdalasini juu, kisha wanaviringisha. Mafuta hayo huzuia tabaka kushikana. Mkate ukianza kupanuka, tabaka huteleza na kuachana, na shira inapata mfereji wa kupita mpaka chini.

Fanya hivi badala yake. Piga ute wa yai moja kwa uma mpaka ulegee, upake wembamba kwa brashi juu ya shuka lote. Changanya sukari ya kahawia gramu 90, mdalasini wa unga kijiko kikubwa kimoja, unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja na chumvi kidogo sana, kisha unyunyize juu ya ute. Ute hukaza mapema kwenye joto, kabla mkate haujaiva, na hugundisha tabaka. Unga nao hunywa shira na kuifanya iwe nzito kama uji mzito, isiweze kukimbia. Ukipenda, badilisha nusu ya sukari kwa sukari ya unga, ile ya kupambia keki. Ile ya pakiti kwa kawaida imechanganywa na wanga wa mahindi, na wanga huo hufanya kazi ileile.

Acha ukingo wa sentimita 2 bila kijazo upande utakaomalizia kuviringisha. Ukingo huo ndio gundi yako.

Naweza kutumia sukari nguru?

Ndiyo, na ladha yake mimi naipenda kuliko ya sukari yoyote ya dukani. Lakini inahitaji mpango, na nitaeleza nilivyojifunza.

Nililetewa nguru kutoka upande wa Kakamega, laini na nyeusi. Nikaikuna gramu 120, nikachanganya na siagi gramu 40, nikapaka na kusokota kama kawaida. Mkate ulipotoka, chini ya tini kulikuwa na ganda jeusi gumu kama kioo. Niliukata baada ya kupoa nikakuta kila mstari wa kahawia umezungukwa na utepe wa kijivu unaonata, kama ugali ambao haujaiva. Nikaurudisha kwenye oveni kwa dakika 15. Ganda la nje likakauka, utepe ukabaki vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida haikuwa muda. Nguru huwa na unyevu wake yenyewe, na pia huvuta unyevu kwa haraka kuliko sukari nyeupe. Bonge ukiliacha wazi jikoni siku ya mvua, uso wake huanza kunata. Ndani ya mkate ilikuwa imevuta maji ya kinyunya, na ule utepe ulikuwa kinyunya kilicholoweshwa na shira. Kuuoka zaidi hakungeugeuza kuwa mkate.

Mkate wa pili nilipunguza nguru hadi gramu 80, nikaongeza njugu karanga gramu 60 zilizokaangwa kavu na kusagwa ziwe kama unga, unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja, na siagi laini isiyoyeyushwa gramu 15 ili vishikane. Mchanganyiko ulikuwa kama mchanga wenye unyevu: ukiufumba mkononi unashikana, ukiugusa unavunjika. Nikapaka ute wa yai kwanza. Mkate huo haukuvuja hata tone, na mistari ilikuwa safi. Njugu zilikuwa zimekunywa shira.

Kama nguru yako ni laini sana, ikune kisha uitandaze kwenye sinia mahali pakavu kwa saa kadhaa kabla ya kuitumia. Simsim iliyokaangwa na kusagwa inaweza kushika nafasi ya njugu, ila ladha yake ni nzito, kwa hiyo gramu 40 zinatosha.

Na siagi ya njugu ya chupa?

Inafaa ikiwa ni nzito. Ile ambayo mafuta yake yameelea juu, koroga kwanza, kisha ongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari ya unga kwa kila gramu 100 ili ikaze. Ikiwa bado inatiririka kutoka kwenye kijiko, usiitumie kwa mkate huu.

Jamu, au ndizi iliyopondwa?

Jamu ya dukani ikipata joto huwa maji. Ichemshe kwenye sufuria ndogo ukikoroga mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria, iache ipoe kabisa, na upake nyembamba sana. Ndizi mbivu mimi siiweki. Ni maji tupu, na sijawahi kuona kati ya mkate wa namna hiyo ikiiva sawasawa. Ndizi iweke kwenye mkate wake wa ndizi.

Kijazo kiwe kinene kiasi gani?

Kwa vipimo vya hapo juu, gramu 120 hadi 160 kwa mkate mzima. Ukikitandaza kwenye shuka, bado uone rangi ya kinyunya ikichungulia hapa na pale. Najua mteja anapenda kuona mstari mnene, lakini mstari mnene ni ukuta: joto hupita polepole, na tabaka mbili zilizo pande zake hazigusani tena.

## Kusukuma, kukata na kusokota

Nionyeshe hatua zenyewe, moja baada ya nyingine.

Kinyunya kiumuke mara ya kwanza mpaka kikaribie kuwa mara mbili. Kikandamize hewa itoke, kifunike, na kukiweka kwenye friji kwa nusu saa au zaidi. Kinyunya baridi kinasukumika bila kurudi nyuma na hakinati, kwa hiyo hutakuwa unanyunyiza unga mkavu kila mara. Unga mkavu ukibaki kati ya tabaka nao huzuia kushikana.

Sukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka upate mstatili wa sentimita 40 kwa 30. Unene utakuwa kama nusu sentimita. Paka ute, tandaza kijazo, bonyeza kidogo kwa kiganja ili kikae. Anza kuviringisha kutoka upande mrefu, ukivuta kidogo kwa kila mzunguko kama mtu anayefunga mkeka ausafirishe kwa basi. Ukiviringisha kwa ulegevu unafungia hewa ndani, na hewa hiyo itakuwa pango. Lowesha ule ukingo uliouacha kwa maji kidogo, ufunge, na ubane mshono kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa una gogo la sentimita 40. Liweke kwenye friza dakika 15 hadi 20, au friji dakika 40. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kisha wanalalamika kwamba kisu kimeburuta kijazo chote. Gogo likiwa gumu kiasi, tumia kisu kikali kulikata katikati kwa urefu, kwa kushuka chini moja kwa moja bila kukata kama msumeno. Utapata nusu mbili zenye mistari.

Zilaze sambamba, uso uliokatwa ukitazama juu. Bana ncha za mbali pamoja. Pitisha nusu ya kulia juu ya ya kushoto, halafu iliyokuwa kushoto juu ya kulia, hivyo hivyo mara nne au tano, ukihakikisha kila mara nyuso zilizokatwa zinabaki juu. Usivute kwa nguvu, inua tu na kupishanisha. Bana ncha za mwisho. Msokoto utakuwa mfupi kuliko gogo, lakini bado mrefu kuliko tini. Kunja ncha zote mbili chini yake, uinue kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na kuuweka kwenye tini uliyotandika karatasi ya kuokea.

Kwa nini uso uliokatwa utazame juu na si pembeni?

Kwa sababu huko juu shira haina pa kwenda. Tabaka zilizo wazi zikitazama juu, kijazo kinakaa kama kilichowekwa kwenye mifereji midogo. Zikitazama chini au ukutani mwa tini, kinashuka na kukaangika kwenye bati. Zile ncha nazo ni hivyo hivyo, ndiyo maana tunazibana na kuzikunja chini. Ncha iliyoachwa wazi ni kama mdomo wa chupa.

Lazima nikate? Siwezi kuviringisha tu na kuoka?

Unaweza, na utapata mkate wenye umbo la konokono ndani. Lakini gogo lisilokatwa hufungia mvuke. Kijazo kinapochemka, mvuke husukuma tabaka la juu, na ukikata mkate unakuta pango refu chini ya ganda la juu huku kijazo kimelala chini. Kukata na kusokota kunaupa mvuke njia ya kutokea, na pia kunasambaza kijazo ili kisikusanyike sehemu moja katikati.

Ukiamua kutokata, viringisha kwa kubana zaidi, mshono ukae chini, na uchome gogo kwa kijiti chembamba sehemu sita au saba hadi katikati kabla ya kuoka.

Msokoto umelegea na kukatika mikononi. Nifanye nini?

Kinyunya kimepata joto. Acha ulipofika, sukumia vyote kwenye sinia, na urudishe kwenye friji dakika 20. Palipokatika, panga vipande ndani ya tini vikikaribiana, nyuso zilizokatwa zikiwa juu. Kikiumuka vitashikana, na mlaji hataona tofauti.

## Kuumuka mara ya pili

Mimi niko Kisumu na dada yangu yuko Nakuru. Mbona muda wetu haulingani?

Kwa sababu mbili tofauti. Kisumu kuna joto, na hamira hufanya kazi haraka kwenye joto. Mchana wa Kisumu tini inaweza kuwa tayari kwa dakika 40. Huko tumia maziwa baridi ya friji badala ya vuguvugu, na usokote asubuhi mapema ikiwezekana, maana siagi hulainika ukiwa bado unapishanisha.

Nakuru kuna baridi, kwa hiyo hamira inachelewa, mara nyingi saa moja na nusu. Lakini tuko juu, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu iko karibu mita 1,130. Huku juu hewa haikandamizi sana kama kule chini, kwa hiyo gesi ileile hupanua kinyunya zaidi, hasa kikiingia kwenye oveni. Mimi hapa hutumia gramu 4 za hamira badala ya 5. Aliye Eldoret au Molo ana sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa wote wawili, tazama tini na si saa. Msokoto ukaribie ukingo wa tini, ubaki chini yake kama upana wa kidole. Ubonyeze kidogo: alama ikirudi taratibu na kubaki kidogo, washa oveni. Isiporudi kabisa, umechelewa. Mkate ulioumuka kupita kiasi hupanda kwa fujo, tabaka huachana, halafu hukaa chini katikati, na hiyo katikati iliyokaa ndiyo utakayoikuta mbichi.

Naweza kusokota usiku na kuoka asubuhi?

Ndiyo. Ufunike vizuri kwenye friji, na asubuhi utoe ukae nje mpaka ufike kimo nilichoeleza hapo juu. Lakini usifanye hivyo kwa kijazo cha nguru au cha sukari tupu: usiku mzima sukari itakuwa inavuta maji, na asubuhi utakuta dimbwi chini. Kwa vijazo hivyo weka kinyunya kitupu kwenye friji usiku, kisha usokote asubuhi.

## Kuoka mpaka kati iive

Joto gani na muda gani?

Nyuzi 170 hadi 175 za Selsiasi, tini ikiwa kwenye waya wa chini kidogo ya katikati, dakika 45 hadi 55. Mkate mtupu huokwa kwa joto kubwa zaidi, lakini huu una sukari na maziwa, kwa hiyo ganda lake hukolea rangi mapema sana. Ukiuoka kwa nyuzi 200 utaonekana umeiva kwa dakika 25, huku katikati bado ni kinyunya.

Ukifika dakika ya 20 au 25 na juu pamekuwa dhahabu, funika kwa foili, iwekwe kwa ulegevu isikandamize. Usifungue mlango kabla ya hapo.

Oveni nyingi za jiko la gesi hazina namba za kuaminika, na moto wake uko chini. Kama sehemu ya chini ya mkate wako huungua daima, weka sinia tupu kwenye waya ulio chini ya tini.

Nitajuaje kwamba katikati pameiva?

Kijiti cha mishikaki hudanganya kwenye mkate huu. Ukikichoma kikapita kwenye mstari wa kijazo, kitatoka kinanata hata kama mkate umeiva kabisa. Kwa hiyo choma mara mbili, mahali unapoona kinyunya na si kijazo, hadi katikati. Ukikisugua kwa vidole, utelezi mtamu wa kahawia ni kijazo, hauna neno. Ukipata ute mweupe unaojikunja kama gundi, hicho ni kinyunya kibichi, rudisha.

Kipimajoto cha chakula kinaondoa wasiwasi wote. Kichome kutoka upande, si kutoka juu, kifike katikati kabisa, tena mahali pa kinyunya. Nyuzi 90 ni salama. Chini ya 85, kati bado.

Njia ya tatu ni kuutoa mkate kwenye tini baada ya dakika 45 na kubonyeza pande zake. Zikirudi kama sponji, umeiva. Zikibonyea na kubaki, urudishe na kuongeza dakika 8 hadi 10.

Maelezo niliyosoma yanasema nisubiri nyuzi 96 au 98. Mbona kipimajoto changu Nakuru hakifiki?

Na hakitafika. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini Nakuru huchemka karibu na 94 kwa sababu ya mwinuko. Kisumu ni karibu 96. Ndani ya mkate kuna maji mengi, na maadamu yapo, joto la katikati halitapita kiwango ambacho maji huchemka mahali ulipo. Ukiendelea kusubiri 98 utakuwa unaukausha mkate tu. Huku juu lenga 90 hadi 92.

Sina oveni. Naweza kutumia sufuria na makaa?

Unaweza, lakini badilisha umbo. Kwenye sufuria joto hutoka chini na pembeni, na sehemu ya mwisho kuiva ni katikati. Basi iondoe hiyo katikati. Paka mafuta kikombe cha bati, kisimamishe kati ya sufuria ya kuokea, na uzungushe msokoto wako kama pete kukizunguka, ncha mbili zikibanwa pamoja. Kila sehemu ya mkate sasa iko karibu na bati lenye joto.

Weka hiyo sufuria ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye mchanga mkavu uliopashwa moto kwa dakika 15, funika, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kwa pete ya vipimo hivi mimi nimeona dakika 40 hadi 45. Kijazo kikavu, kama kile cha njugu, ndicho kinachofaa zaidi hapa, kwa sababu shira ikigusa bati la chini itaungua.

Stima imepotea mkate ukiwa katikati ya kuiva!

Usifungue oveni. Kama umepita dakika ya 30, umbo limeshashika na joto lililobaki litaendelea kuoka. Stima ikirudi ndani ya nusu saa, malizia, ukiongeza dakika 10 na kupima kama nilivyoeleza juu. Isiporudi, hamishia tini kwenye sufuria kubwa juu ya gesi, funika, moto mdogo.

Ikipotea ndani ya dakika 20 za mwanzo, mkate utakaa chini na hautapanda tena. Uoke hivyo hivyo stima ikirudi, ukate vipande, na uvikaushe polepole viwe kama toasti ngumu za kuchovya kwenye chai.

## Baada ya kutoka

Nimekata na kukuta katikati si sawa. Nitajuaje kosa lilikuwa lipi?

Tazama ubichi uko wapi. Utepe unaonata unaofuata mistari ya kijazo peke yake, huku kinyunya kingine kikiwa sawa, ni kosa la kijazo: kilikuwa na majimaji au kilikuwa kinene. Bonge moja zito katikati ya mkate, kijazo kiwepo kisiwepo, ni kosa la kuoka: joto kubwa, muda mfupi. Pango chini ya ganda la juu ni kosa la kuviringisha kwa ulegevu, siagi iliyoyeyuka, au kuumuka kupita kiasi. Na kama mstari mzito uko chini kabisa tu, huenda uliuacha upoe ndani ya tini na mvuke ukaurudia.

Bonge la katikati linaokolewa iwapo mkate bado mzima na una joto: rudisha bila tini, umefunikwa kwa foili, nyuzi 160, dakika 12 hadi 15. Utepe wa kijazo hauokolewi. Kata vipande na kuvipasha kwenye kikaango kikavu.

Niukate lini?

Dakika 10 ndani ya tini, kisha uutoe uwekwe juu ya waya, usubiri saa moja na nusu. Najua harufu yake inavyosumbua, na watoto wangu hunizunguka hapo jikoni kama kuku. Lakini mkate ukiwa moto wanga wake haujatulia na kijazo bado ni shira. Ukiukata, kisu kitabandika tabaka, nawe utadhani ni mbichi kumbe ulikuwa umeiva.

Unakaa siku ngapi?

Nakuru siku tatu au nne, ukifungwa vizuri baada ya kupoa kabisa. Kisumu siku mbili, maana joto na unyevu huleta ukungu, na ukungu huanzia kwenye mstari wa kijazo. Usiuweke kwenye friji, utakauka. Kata vipande, uvifunge viwili viwili na kuviweka kwenye friza. Vya njugu na nguru vikipashwa kwenye kikaango moja kwa moja kutoka friza, mstari hulainika tena na kingo hukauka kidogo. Mimi huvinywea chai ya maziwa.